Shamba Muheza au nyumba ya kupangisha Pongwe?

*Swali: Nina milioni 38. Kiwanja cha urithi ninacho Pongwe, Tanga. Fundi anasema fedha hiyo itatosha nyumba ya wapangaji wawili, kila upande 150,000 kwa mwezi. Ndugu zangu wananishauri ninunue shamba la ekari 15 kijijini Muheza niliache lipande bei. Mimi naishi Dar. Kipi kitanilipa baada ya miaka kumi?*

Ndugu yangu, tuanze na nyumba, maana ina hesabu ya kushika mkononi. Pande mbili zikijaa mwaka mzima unapata 3,600,000. Hazijai. Weka kila upande mwezi mmoja mtupu, ibaki 3,300,000. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, yaani 330,000, nayo hukatwa kwenye pango lote bila kuangalia umetumia nini. Tenga 300,000 za bomba, rangi na vitasa. Unabaki na 2,670,000, sawa na asilimia 7 ya mtaji wako.

Sasa rudi kwa fundi umuulize: hiyo milioni 38 ina shimo la choo, kuvuta umeme na maji? Hesabu nyingi za mafundi nizionazo huishia kwenye bati na milango. Ikiongezeka milioni 5, faida inashuka hadi asilimia 6 na kidogo.

Shamba lililolala halina pango. Ili lilingane na asilimia 7 ya kila mwaka, ukiwa unarudisha faida kwenye mtaji, bei yake lazima ijizidishe mara mbili ndani ya miaka kumi hivi. Inawezekana, hasa kando ya barabara kuu, lakini siku ya kuuza faida nayo inatozwa kodi.

Kinachonitia shaka zaidi ni hilo la kuliacha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu ardhi iliyokaa miaka mitano bila kukaliwa wala kutumiwa ihesabiwe imetelekezwa. Wewe uko Dar, na majani hayamjui mwenyewe. Tena unanunua ukiwa mgeni: saini ya mwenyekiti kwenye mkataba haitoshi. Mauziano yapitishwe na kikao cha Halmashauri ya Kijiji, na upewe nakala ya muhtasari kabla ya kutoa hata shilingi. Bila hivyo, mauzo yanaweza kubatilishwa mahakamani hata kama muuzaji alikuwa mwenye shamba kweli.

Mimi ningejenga, ila si pande zote kwa pigo moja. Piga msingi wa nyumba nzima, maliza upande mmoja hadi choo na umeme, mpangaji aingie. Pande mbili zilizoishia kwenye lenta hazina mpangaji hata mmoja. Shamba nunua siku ukimpata wa kulilima, hata kama ni ekari tatu tu za michungwa.