Ligi ya fantasi ofisini: kupunguza bahati

"Wakuu, tuko wanane ofisini hapa Posta, tunacheza fantasi ya Ligi Kuu ya England kwa ana kwa ana. Mtu anavuna pointi nyingi na bado anafungwa. Tubadilishe nini?"

Salama mkuu. Msiguse pointi za mabao na asisti. Tatizo liko kwenye ratiba, maana ana kwa ana hutoa 3 kwa ushindi na 1 kwa sare, bila kujali umepangiwa nani.

Chukua wiki yenye alama 71, 68, 60, 55, 52, 49, 44 na 40. Wa 68 akipangiwa wa 71 anatoka na sifuri, huku wa 44 akimkuta wa 40 anaondoka na 3. Huo ni uonevu mtupu.

Sisi kazini Kariakoo kila mtu hucheza na wote kila wiki: unapata 1 kwa kila uliyempita na nusu kwa mliyelingana. Hapo wa 68 anapata 6, wa 44 anapata 1. Alama zikiwa B2 hadi B9, andika hii C2 kisha ivute chini:

```
=COUNTIF(B$2:B$9,"<"&B2)+0.5*(COUNTIF(B$2:B$9,B2)-1)
```

Kabla ya kujaza, toa zile 4 za kila uhamisho wa ziada, la sivyo wanaobadilisha wachezaji hovyo watabebwa.

Faida ninayoipenda zaidi: kapteni wako akipiga hatitriki, wiki hiyo bado haizidi 7. Ubaya wake, kuongoza kwa 1 au kwa 30 ni sawa, kwa hiyo jumla ya pointi za msimu tumeiacha iamue wanaolingana.