Ushahidi unaomsaidia mshtakiwa

"Mwendesha mashtaka akikuta ushahidi unaomtetea mshtakiwa, si anaruhusiwa kukaa nao kimya?"

Hapana, ndugu. Yeye anauwakilisha umma, na mshtakiwa ni sehemu ya umma huo. Chukua kesi ya wizi wa usiku inayomtegemea shahidi mmoja aliyemtambua mtu kwenye gwaride la utambuzi. Ndani ya jalada kuna maelezo yake ya kwanza polisi: "Sura sikuiona." Karatasi hiyo lazima wakili wa utetezi aipate mapema, kabla ya kumhoji shahidi. Kisha mwendesha mashtaka ajiulize upya: utambuzi huo ukianguka, kinabaki nini cha kumtia mtu hatiani? Kama hakuna, aondoe mashtaka, na mlalamikaji aelezwe sababu. Inauma, najua. Lakini mara nyingi, kesi ikiondolewa kabla ya utetezi kuanza, ushahidi mpya unaweza kuirudisha.