Rejesho la mwisho halilingani na mengine

"Mkopo wangu una marejesho yanayolingana, ila la mwisho limezidi kwa 1. Nimepunjwa?"

Hapana, hizo ni desimali zilizoondolewa njiani. Chukua mkopo wa 100,000, riba 1% kwa mwezi juu ya salio, miezi 3. Fomula inatoa rejesho la 34,002.21, na kwa kuwa hulipi senti, linaandikwa 34,002. Kila mwezi unalipa pungufu kidogo, na upungufu huo unabaki ndani ya salio.

Fuata salio mwezi kwa mwezi. Wa kwanza riba ni 1,000, kwa hiyo 33,002 zinapunguza deni na zinabaki 66,998. Wa pili riba ni 669.98, inaandikwa 670. Deni linapungua kwa 33,332, zinabaki 33,666. Wa mwisho usitumie tena 34,002. Chukua salio lote, ongeza riba yake 337 (kamili ni 336.66), upate 34,003. Ungelipa 34,002, mkopo ungebaki na deni la 1 na usingefungwa.

Mkopeshaji akipandisha rejesho hadi 34,100, mambo yanageuka: la mwisho linashuka hadi 33,804.

Kuzidisha rejesho kwa idadi ya miezi hakutakupa jibu hili. Tofauti ikizidi sana nusu ya kizio kwa kila rejesho, na rejesho halikupandishwa makusudi, hizo si desimali tena. Angalia faini, ada, au riba inayohesabiwa kwa siku.