Toleo la sita, biro ukurasa wa 212: majibu kwa wanaouza vitabu vya chuo

Mama Vitabu, nataka kuuza kitabu changu cha uhasibu. Jalada linasema toleo la sita, lakini ndani naona 2012 na pia 2015. Niandike mwaka upi? (Mwanafunzi, Kahawa Wendani)

Andika toleo la sita, 2012. Geuza karatasi yenye jina la kitabu na la mwandishi. Mgongoni mwake ndipo ulipo ukurasa wa hakimiliki, ule wa maandishi madogo ambao watu wengi huuruka. Huko utakuta toleo la kwanza lilitoka mwaka fulani, la pili mwaka fulani, hadi la sita 2012. Halafu chini yake panaelezwa kuwa kimepigwa chapa tena 2013 na 2015. Toleo na chapa ni vitu viwili. Toleo jipya linamaanisha mwandishi amerudi kazini, ameongeza sura, amebadili mazoezi. Chapa mpya inamaanisha nakala ziliisha, mtambo ukawashwa tena, na yaliyomo yakabaki yale yale, pengine kosa dogo la herufi likisahihishwa.

Vitabu vingine havielezi chapa kwa maneno. Vina mstari wa tarakimu tu, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa, kwa hiyo hiyo ni chapa ya nne. Haihusiani na toleo. Nimeona watu wakiutazama mstari huo wakaandika "toleo la kumi", na mnunuzi akafunga safari kutoka Juja kufuata toleo ambalo halijawahi kuwepo.

Ukiandika 2015 peke yake utakuwa umemwongezea mnunuzi miaka mitatu ya maarifa ambayo kitabu hakina. Kwa uhasibu, miaka hiyo ina uzito, kama utakavyoona kwenye jibu linalofuata.

Niliuza kitabu cha kuandaa hesabu za kampuni, toleo nililiandika sawasawa, hali nzuri, sikuficha kitu. Baada ya wiki mbili dada aliyenunua akanirudishia akisema hakimfai kwa CPA. Nilikosea wapi? (Msomaji, Rongai)

Ulitaja toleo, lakini hukumwambia linafaa somo gani na linaishia wapi. Mnunuzi wa kitabu cha chuo anataka kujua jambo moja: nikiingia darasani nacho Jumatatu, kitakwenda sambamba na mwalimu?

Umeniambia kitabu chako ni cha 2013, basi tukifungue. Nenda kwenye fahirisi, nyuma kabisa, utafute ukodishaji wa mali. Kitabu cha mwaka huo kitakupeleka kwenye kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IAS 17. Kwa kiwango hicho, kampuni iliyokodi duka kwa miaka mitano chini ya mkataba wa kawaida wa kodi iliandika kodi kama gharama ya kila mwaka na basi. Deni la miaka iliyobaki halikuonekana kwenye mizania. Januari 2016 kikatolewa kiwango cha IFRS 16, kikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2019. Sasa kampuni hiyo hiyo inatakiwa kuweka kwenye mizania haki yake ya kulitumia duka kama mali, na kodi inayodaiwa kama deni. Haihitajiki kufanya hivyo kwa ukodishaji wa miezi 12 au chini yake, wala kwa vitu vya thamani ndogo. Dada aliyekinunua alipofanya swali la ukodishaji kwa njia ya kitabu chako, alipata mizania isiyofanana na ya mwalimu tangu mstari wa kwanza. Mapato kutoka kwa wateja yana shida ya namna hiyo: IFRS 15 ilianza kutumika 2018, na kitabu cha 2013 hakiwezi kuwa nayo, kwa kuwa ilitolewa 2014.

Uwe mwangalifu na vitabu vilivyotoka kati ya 2016 na 2018. Vingi vinaitaja IFRS 16, lakini kwa aya mbili tu, kwamba mabadiliko yanakuja, huku mifano na mazoezi yote yakibaki kwa njia ya zamani. Usiishie kwenye fahirisi. Fungua sura yenyewe utazame mfano mmoja uliokokotolewa. Ukiona mpangaji anaandika mali na deni hata kwa duka la kawaida, hiyo ni njia mpya.

Hata hivyo kitabu chako hakijafa. Sura za bidhaa zilizoko ghalani (IAS 2) na za majengo na mitambo (IAS 16) bado zinamsaidia anayeanza. Mimi ningeliandika tangazo lako hivi:

"Kitabu cha kuandaa hesabu za kampuni, toleo la 4, 2013, jalada laini. Kinafaa mwanafunzi wa shahada ya biashara mwaka wa kwanza au wa pili kwa bidhaa, uchakavu wa mali na hesabu za msingi za kampuni. Sura ya ukodishaji na ya mapato ni za viwango vya zamani, hakina IFRS 15 wala 16. Hakitoshi kwa somo la Financial Reporting and Analysis la CPA ngazi ya kati. Hailaita ya manjano ukurasa 1 hadi 64, kwingine kisafi. Shilingi 350."

Bei imeshuka, ni kweli. Lakini atakayekuja atakuwa anajua anachofuata, na hutarudishiwa kitabu. Jina la somo liandike kama lilivyo kwenye silabasi, kwa sababu ndilo mtu analolitafuta. Maneno kama "kinafaa wanafunzi wa biashara" hayasaidii. Mtu wa masoko na mtu wa ukaguzi wote ni wa biashara.

Masomo hayazeeki kwa mwendo mmoja. Kitabu cha kodi kinaweza kupitwa kila mwaka, kwa maana Sheria ya Fedha hupitishwa karibu kila mwaka na viwango vya kodi hubadilika. Kitabu cha sheria ya kampuni kinachofundisha sheria ya zamani, ile Sura ya 486 ya awali, kimeachwa nyuma tangu Sheria ya Kampuni ya 2015. Kitabu cha takwimu cha toleo la zamani, kwa upande mwingine, hesabu zake hazijabadilika. Kasoro yake ni namba za mazoezi: mwalimu akisema "fanyeni swali la 7, sura ya tano", swali la 7 la toleo la tatu huenda silo la toleo la tano. Lisemee hilo kwa sentensi moja na umuuzie mtu kwa amani.

Nimechora hailaita na kuandika biro ndani. Nifute kwanza au nikiache hivyo? (Komredi, Ngara)

Penseli futa, kwa kifutio laini cheupe, ukielekea upande mmoja kutoka kwenye mshono kwenda nje ili karatasi isikunjane. Biro na hailaita ziache. Rangi nyeupe ya kufutia huficha chapa iliyo chini yake, na baada ya miezi michache hupasuka na kubanduka.

Kisha uzihesabu alama zako kwa kurasa. "Kina alama kidogo" kila mtu hulielewa kivyake. Kaa na karatasi, pitia kitabu chote, uandike: hailaita ukurasa 1 hadi 84, maelezo ya biro pembeni ukurasa 90, 91 na 133. Utagundua jambo ambalo mimi huliona karibu kila wiki, kwamba alama zimejaa sura tatu za mwanzo halafu kitabu kikawa kisafi hadi mwisho. Habari hiyo ni nzuri kwa mnunuzi, nawe ulikuwa karibu kuificha kwa kusema tu kina alama.

Alama mbaya zaidi ni majibu yaliyojazwa kwenye mazoezi. Mstari wa manjano haumzuii mtu kusoma, lakini jibu la biro chini ya swali linamnyang'anya zoezi lenyewe. Nina kitabu cha hesabu mezani sasa hivi, jalada linang'aa kama jipya, na ukurasa wa 212 maswali yote kumi yamejibiwa kwa biro ya bluu, mawili yakiwa yamekosewa. Ukurasa huo ndio nitakaoutaja kwanza.

Ukiwa bado unahesabu, fika nyuma kabisa kwenye majedwali, kama lile la thamani ya sasa ya fedha. Ndizo kurasa zinazochanwa sana, na hakuna anayekumbuka kuzikagua mpaka mtihani unapokaribia.

Kitabu kililoweshwa na mvua ya Aprili, nikakianika kikakauka vizuri. Naweza kuandika hali nzuri? (Msomaji, South B)

Hapana. Andika kililowa na kikakaushwa, na useme hadi ukurasa gani. Kiweke mezani kikiwa kimefungwa, ukitazame kutoka ubavuni. Kilicholowa hakilali tena, jalada huinuka na kurasa hufanya mawimbi. Kama karatasi ni zile za kung'aa zenye picha za rangi, jaribu kuzitenganisha moja moja. Zikilowa hushikana, na ukizivuta wino hubanduka na kubaki upande wa pili.

Halafu ukinuse. Harufu ya uvundo pamoja na madoa ya kijivu au meusi kwenye mshono ni kuvu, na kitabu chenye kuvu usikiuze wala usikiweke pamoja na vingine, kwa kuwa kuvu huhamia kwa majirani. Bila kuvu, na kama maandishi yote yanasomeka, "cha kusoma tu" ndilo daraja lake.

Picha ya jalada haitoshi? (Msomaji, Kasarani)

Haitoshi. Piga nne: jalada, ukurasa wa hakimiliki, uti wa kitabu, na ule ukurasa ulioharibika kuliko yote. Wa hakimiliki unabeba toleo, mwaka na ISBN, na wakati mwingine onyo kwamba nakala hiyo ni ya kuuzwa katika nchi fulani za Asia pekee. Nakala za namna hiyo ni nyingi hapa mjini. Jalada laweza kufanana na la toleo la kawaida huku mazoezi yakiwa tofauti, kwa hiyo mnunuzi alinganishe ISBN na ile aliyopewa na mwalimu wake.

Nimepata vitabu viwili vyenye muhuri. Kimoja kina wa maktaba ya chuo, kingine ni cha sekondari kimeandikwa ni mali ya Serikali. Niseme nini kwenye tangazo? (Mzazi, Kayole)

Cha sekondari usikitangaze kabisa. Kiligawiwa shuleni na hakiuzwi. Kipeleke shule iliyo karibu, mzazi mwenzangu, kuna mtoto anayekingoja. Cha maktaba kitazame tena. Maktaba ikiondoa kitabu chake hukigonga muhuri mwingine wa kuonyesha kimeondolewa, aghalabu kwenye ukurasa wa kwanza au juu ya ule muhuri wa zamani. Usipouona, kirudishe. Ukiuona, upige picha uiweke kwenye tangazo pamoja na zile nne.