Mashine haikuwa na kinga, sheria imevunjwa, lakini msikimbilie mahakamani

*"Mume wangu alikatwa vidole viwili na mashine kiwandani mwezi wa pili, Nairobi. Mashine haikuwa na kinga. Wakili anasema sheria ya usalama kazini imevunjwa waziwazi, kwa hiyo tufungue kesi ya fidia mahakamani moja kwa moja. Kuna ukweli? Atapata kama kiasi gani?"*

Dada, usitie sahihi karatasi yoyote ya huyo wakili kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kaka yangu alipitia haya haya. Mashine ya kukata mabati, kinga ilikuwa imetolewa ili kazi iende mbio, mkono ukaingia. Karani wa wakili alimfuata hadi wodini na maneno matamu: sheria imevunjwa, ushahidi upo, hakimu atatoa hela nzuri. Kesi ikafunguliwa kwa hakimu, tarehe zikasongezwa weee, na mwisho mawakili wa kampuni wakasimama na hoja moja tu: mahakama hii haina mamlaka. Ikatupwa. Kufikia hapo zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu ajali, na alipokwenda kudai kwa njia iliyo sahihi akaambiwa amechelewa. Karani hakushika simu tena. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu yule mtu alijua, au kazi yake ilimtaka ajue.

Hapa ndipo watu wanapopotezwa: sheria kuvunjwa ni jambo moja, na wewe uliyeumia kuwa na haki ya kudai fidia kwa sababu ya kuvunjwa huko ni jambo la pili. Sheria nyingi huweka wajibu na adhabu yake, faini au kifungo, kisha zikanyamaza. Zikinyamaza, mahakama hujiuliza Bunge lilikusudia nini. Wajibu huu uliwekwa kumlinda nani, umma wote au kundi fulani la watu? Na je, sheria yenyewe imeshaonyesha njia ya aliyeumia kulipwa?

Jibu laweza kumpendelea mfanyakazi. Uingereza mwaka 1898, katika kesi ya Groves dhidi ya Lord Wimborne, kijana wa kiwanda cha chuma alipoteza mkono kwenye magurudumu ya meno ya winchi ambayo hayakuzungushiwa kinga. Mwenye kiwanda alisema sheria ya viwanda inataja faini tu, basi hakuna fidia. Mahakama ya Rufaa ikakataa: wajibu uliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi hasa, na faini haikuwa na hakika ya kumfikia aliyeumia. Kijana akaruhusiwa kudai.

Lakini hata pale mlango ulipo wazi, dhara lililokupata lazima liwe ndilo sheria ilitaka kulizuia. Mwaka 1874, katika kesi ya Gorris dhidi ya Scott, kondoo walisombwa na mawimbi kutoka kwenye meli kwa sababu hapakuwa na vizimba ambavyo sheria iliagiza. Mwenye kondoo alishindwa. Vizimba viliagizwa kuzuia maradhi ya mifugo yasiambukizane, si kuzuia kondoo wasiangukie baharini.

Kwa mume wako, mtihani wa dhara angeupita bila shida. Kinga ya mashine ni ya kuzuia vidole visikatwe, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine. Anaponaswa ni kwenye lile swali la njia ya kulipwa. Mwaka huo huo wa 2007 Bunge lilipitisha sheria ya fidia ya majeraha kazini, hii tunayoiita WIBA, na kifungu chake cha 16 kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kudai fidia ya ajali ya kazini, na kwamba mwajiri hawajibiki kulipa ila kwa kufuata sheria hiyo. Bunge lenyewe limejibu. Hakuna tena cha kubahatisha nia yake.

Na usidanganywe kwamba mtaiita "uzembe" badala ya "kuvunja wajibu wa kisheria" mkapenya. Kifungu hakijali jina la madai, kinaangalia nani anamdai nani, na kwa ajali gani. Wala usiambiwe kifungu kilibatilishwa. Kweli Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2009, lakini Mahakama ya Rufaa ikakirudisha 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019. Wapo mawakili ambao bado wananakili hati za madai za enzi ya ile sheria ya zamani ya viwanda, ambapo kesi kama hii ilikubalika kabisa. Wanabadilisha jina la mteja tu.

Kanuni yangu ni moja, nitairudia hadi mnichoke: kabla ya kuuliza ni sheria gani imevunjwa, uliza sheria imempa nani haki ya kudai, na adai wapi.

Kwenu, ni ofisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, ile ya DOSH. Kuna fomu inaitwa DOSH/WIBA 1: mwajiri anajaza sehemu yake, daktari anajaza sehemu yake na kuandika asilimia ya ulemavu. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi. Akikataa kujaza, nendeni wenyewe DOSH na karatasi za hospitali na hati ya mshahara. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Barua ya wakili ya kutishia kesi haisimamishi hiyo saa, na saa hiyo ndiyo iliyommaliza kaka yangu.

Hesabu huanzia mapato ya miezi 96, kisha inachukuliwa asilimia ya ulemavu. Mtu wa mshahara wa 20,000, miezi 96 ni 1,920,000. Daktari akiandika asilimia 10, ni 192,000. Kwa hiyo vita yenu kubwa iko kwenye hiyo asilimia. Mkiona ni ndogo mno, pelekeni pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, na jibu lake lisiporidhisha mna siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Kazi. Hapo ndipo wakili mzuri anapohitajika.

Jambo moja bado linaweza kuwapeleka mahakama ya kawaida. Kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri tu. Kama ile mashine ilikuja bila kinga kutoka kwa aliyeiuza, au kampuni nyingine ndiyo iliyokuwa inaifanyia matengenezo ikaacha kinga nje, huyo si mwajiri wa mume wako na anaweza kushtakiwa, ndani ya miaka 3. Muulize mumeo nani alitoa hiyo kinga, na lini. Majina ya walioshuhudia yaandikeni leo, kabla hawajahamishwa zamu.