Nataka kubaki na 4,000: bei yenye VAT ndani niandike ngapi?

*"Nashona mikoba ya ngozi hapa Umoja na kuiuza kupitia duka la mtandaoni. Nimesajiliwa VAT, na bei anayoiona mteja lazima iwe na kodi ndani. Duka hukata kamisheni ya asilimia 12. Nataka kila mkoba uniachie 4,000 baada ya kodi na kamisheni. Nilijumlisha 16 na 12 nikapata 28, nikaongeza asilimia 28 juu ya 4,000, nikaandika 5,120. Mbona kila mwisho wa mwezi hesabu inapungua?"*

Dada, kila mkoba unakupunguzia kama shilingi 200, na bei unayoitafuta ni 5,390. Kilichokuponyoka ni kwamba zile asilimia mbili hazipimwi juu ya kitu kimoja. Kumi na sita hupimwa juu ya bei kabla ya kodi. Kumi na mbili hupimwa juu ya bei nzima anayolipa mteja. Wewe umezipima zote juu ya 4,000, na hiyo ndiyo ndogo kuliko zote tatu.

Tuupasue huo mkoba wa 5,120 tuone pesa zinakokwenda. Ndani ya bei hiyo kodi si asilimia 16 ya 5,120. Bei yenye kodi ni sehemu 116, mia zako na kumi na sita za KRA, kwa hiyo unagawanya 5,120 kwa 1.16. Unapata 4,413.79 kabla ya kodi, na VAT yenyewe ni 706.21. Kamisheni ni asilimia 12 ya 5,120, yaani 614.40. Toa 614.40 kwenye 4,413.79, unabaki na 3,799.39. Hizo ndizo 200 zako zinazopotea.

Ukianza na bei na kwenda mbele, hesabu ni rahisi hivyo. Kurudi nyuma ndiko kunakowachanganya wengi, nami huwashauri waanze na bei ya kubuni ya shilingi 100 badala ya kukimbilia fomula. Katika 100 yenye kodi ndani, VAT ni 13.79 na kamisheni ni 12. Kinachobaki ni 74.21. Basi hiyo 4,000 unayoitaka ni asilimia 74.21 ya bei usiyoijua bado. Gawanya 4,000 kwa 0.7421 na bei inatoka: 5,390 na senti kidogo. Ihakikishe kwa kwenda mbele tena: 5,390 kugawanya kwa 1.16 ni 4,646.55, kamisheni yake ni 646.80, na inabaki 3,999.75. Senti 25 zinazokosekana zimetokana na kukatwa kwa desimali. Ukiandika 5,400 ili bei ikae vizuri machoni, unabaki na 4,007.

Kwenye lahajedwali, weka kiasi unachotaka katika B1, kiwango cha VAT katika B2 na kamisheni katika B3, kisha andika hivi ili bei ipande hadi kumi inayofuata:

```
=CEILING(B1/(1/(1+B2)-B3),10)
```

Viwango viandike kama 16% na 12%, si 16 na 12 tupu. Ukisahau alama hiyo utapata bei hasi, na hapo utajua mara moja.

Kabla hujabadilisha bei za mikoba yote, kuna jambo moja ambalo hesabu hii imelichukulia tu, nalo linabeba pesa nyingi: kamisheni ya asilimia 12 ni ya nini hasa? Maduka hayakati kwa namna moja. Chukua taarifa ya mauzo ya mwezi uliopita, tafuta mkoba mmoja uliouzwa 5,120, uangalie kilichokatwa. Ukiona 614.40, kamisheni imepigwa juu ya bei nzima. Ukiona 529.66, imepigwa juu ya bei kabla ya kodi. Hapo bei yako inashuka hadi 5,273, maana unagawanya 4,000 kwa 0.88 kisha unazidisha kwa 1.16. Na ukiona 712.70, duka limepiga kamisheni juu ya bei nzima, kisha likaongeza VAT yake lenyewe juu ya kamisheni.

Hiyo namba ya tatu inawatisha watu bila sababu, ila inataka uangalifu. Zile 98.30 zilizozidi ni VAT uliyotozwa wewe, na kwa kuwa umesajiliwa unaziondoa kwenye VAT unayowasilisha KRA. Ulikusanya 706.21 kwa mteja, unatoa 98.30, unapeleka 607.91. Mwishowe unabaki na 3,799.39 ileile, na bei sahihi inabaki 5,390. Lakini hili linasimama tu ikiwa duka limekupa ankara ya eTIMS ya kamisheni yenye PIN yako. Bila ankara hiyo huwezi kudai, na zile 98.30 zinageuka gharama yako halisi. Hapo kamisheni si 12 tena bali 13.92, na bei ya kukuachia 4,000 inapanda hadi 5,534. Tofauti ya shilingi 144 kwa mkoba, kwa sababu ya karatasi moja. Mimi ningeidai ankara hiyo kila mwezi kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT ya mwezi uliopita, kabla hata ya kufikiria kupandisha bei.

Gharama zisizofuata bei, kama mfuko na boksi la kufungia, haziingii kwenye asilimia. Ziongeze juu ya 4,000 kwanza, kisha ugawanye. Boksi la shilingi 150 linakufanya ugawanye 4,150 kwa 0.7421, na bei inakuwa 5,592. Ukiiongeza 150 mwishoni, juu ya 5,390, utapata 5,540, na VAT na kamisheni zitakuwa zimekula kama 39 za boksi lako. Boksi lenyewe, kama una ankara yake, lihesabu kwa bei kabla ya VAT. Ngozi na zipu vilevile: unapopanga hiyo 4,000 itoshe nini, usiweke ndani kodi utakayoidai baadaye, la sivyo utajikuta umeilipisha mara mbili kwa mteja.

Hiyo B2 nayo usiifiche ndani ya fomula. Tarehe 1 Aprili 2020 VAT ilishuka hadi asilimia 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Mteja wangu mmoja alikuwa na orodha ya bidhaa zaidi ya mia mbili, kila bei imegawanywa kwa 1.16 kwa mkono, na ikabidi tukae naye usiku mbili kuzipitia moja moja. Kama kiwango kingekuwa kwenye seli moja, kazi ingekwisha kwa kubadilisha tarakimu moja.