Kuibadilisha "mchapakazi, mwaminifu" iwe ushahidi kwenye barua ya mapendekezo

*Wakuu, kijana niliyemsimamia stoo ya dawa ameomba kazi ya utunza stoo kwenye mradi mmoja wa afya na ameniweka mdhamini. Kwenye barua nimeandika: "Ni mchapakazi, mwaminifu na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Rafiki yangu wa utumishi anasema hiyo sentensi haimsaidii. Niandike nini badala yake bila kuongeza chumvi?*

Mkuu, nimesimamia stoo ya dawa miaka kadhaa, na barua za namna hii nimeziandika na nimezipokea pia. Rafiki yako yuko sahihi. Ukikaa upande wa anayeajiri, kila bahasha unayofungua ina sentensi hiyo hiyo, hata mpangilio wa maneno haubadiliki. Toa jina la kijana wako, weka la dereva au la mhasibu: bado inasomeka vizuri. Hapo ndipo unapojua kwamba haijasema kitu juu yake.

Kabla ya kuandika chochote, mwombe tangazo la kazi. Ndani ya sentensi yako kuna madai matatu, na huna nafasi ya kuyathibitisha yote. Tangazo la mtunza stoo karibu kila mara litataka mtu anayeweza kutunza kumbukumbu zikalingana na mzigo ulio rafuni. Kwa hiyo dai la kupewa aya nzima ni "bila kusimamiwa", kwa sababu kumbukumbu za stoo huharibika pale msimamizi anapogeuka.

Kisha jiulize: nilimwona akifanya nini hadi nikaamini hivyo? Usikubali jibu la "siku zote alikuwa vizuri". Tafuta tukio. Kijana niliyemwandikia mimi alikuwa anatunza kadi za stoo, zile zinazokaa rafuni na kila dawa, unaandika kilichoingia, kilichotoka na salio. Mwisho wa mwezi tunahesabu kilichopo na kulinganisha na kadi. Kulikuwa na kipindi tofauti zilikuwa nyingi na kila mtu alihisi kuna mkono mrefu. Yeye akakaa na kadi moja moja, akaona kwamba watoaji dawa wengine walikuwa wanaandika makopo na wengine vidonge, kwenye safu ile ile. Kopo la vidonge 1000 likitoka likaandikwa "1", kadi inakuonyesha umetoa kidonge kimoja.

Hilo nililikumbuka kichwani, lakini namba sikuzitoa kichwani. Nilirudi kwenye taarifa za hesabu za kila mwezi nikazitazama. Hata kama kijana mwenyewe atakutumia orodha ya aliyoyafanya (mwombe, inasaidia sana kumbukumbu), kila namba iliyomo uihakiki kwenye karatasi kabla hujaweka saini. Sentensi ikaja kuwa hivi:

"Alitunza kadi za stoo za aina 40 za dawa. Hesabu ya Januari ilipoonyesha aina 11 ambazo kadi na rafu hazikulingana, alizipitia kadi hizo bila kuagizwa na akagundua kuwa vipimo viwili tofauti vilikuwa vikiandikwa kwenye safu moja. Aliandika kipimo kimoja juu ya kila kadi na kuwaelekeza wauguzi wa zamu ya usiku. Hesabu ya Juni ilikuwa na aina 2 zenye tofauti. Katika kipindi hicho pia tuliweka kabati la dawa za usiku wodini, ambalo lilichangia. Hesabu zote mbili nilizisimamia mimi."

Angalia kwamba neno "mchapakazi" halimo na halina wa kulikumbuka. Angalia pia kwamba 2 ya Juni imewekwa pamoja na 11 ya Januari. Ungeandika tu "tofauti zilikuwa 2", msomaji asingejua kama hiyo ni nafuu au ni balaa. Na kitenzi kina mwenyewe: alizipitia, akagundua, aliandika. Barua nyingi zinaharibikia hapa, kwa "tuliboresha mfumo wa stoo", na anayesoma anabaki kujiuliza kama mwombaji alikuwa anafikiri au alikuwa anabeba maboksi.

Sentensi ya kabati watu hunishauri niitoe, eti inampunguzia sifa. Mimi naiacha. Anayesoma barua za stoo anajua kwamba tofauti hazipungui kwa sababu moja, na ukimpa sababu ya pili mwenyewe, ile ya kwanza anaiamini. Tena wadhamini hupigiwa simu. Swali la kawaida ni "nipe mfano", na linalofuata ni "ilikuwaje kabla yake, na nani mwingine alihusika?" Ukiwa umeshaliandika, simu inakuwa nyepesi.

Sasa "mwaminifu". Hili ni gumu, na wengi wanaliandika vibaya kuliko hata walivyolikuta: "hajawahi kuhusishwa na wizi wowote." Mkuu, usithubutu. Msomaji hakuwa anawaza wizi, umemwekea wewe. Kutokuwepo kwa kosa si ushahidi. Tafuta mahali ambapo angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Kwetu ilikuwa mzigo uliokuja na boksi moja la ziada, halimo kwenye hati ya mzigo. Upungufu kila mtu anauripoti kwa sababu utamrudia. Ziada haimrudii mtu. Yeye aliiandika kwenye kitabu cha kupokelea na kuniletea siku hiyo hiyo. Sentensi moja ya tukio hilo inatosha, usiifanye hadithi.

Kama huna tukio la namna hiyo, acha uaminifu kabisa, usiutaje. Barua yenye dai moja lililothibitika ina uzito kuliko yenye matatu yanayoelea. Na kama hata hilo moja halipatikani, mwambie kijana mapema atafute mdhamini aliyefanya naye kazi kwa karibu. Ni jambo la aibu kidogo kusema, ila ni bora kwake kuliko barua tupu.

Mambo mawili ya tahadhari. Namba za stoo ni mali ya ofisi, kwa hiyo omba ruhusa kwa mkuu wa kituo. Akikataa, andika uwiano: "tofauti zilipungua kutoka zaidi ya robo ya aina zote hadi chache sana." Thamani ya fedha na majina ya wagonjwa yasiingie kwa hali yoyote. La pili, usisifie kitu kidogo kuliko kazi inayoombwa. Aya nzima ya "hufika kazini kwa wakati na ana lugha nzuri" kwa mtu anayeomba kukabidhiwa funguo za stoo inasomeka kama umekosa la kusema.

Mwanzoni mwa barua weka cheo chako, ulimsimamia kuanzia lini hadi lini, na kama mlikuwa chumba kimoja au ulimtembelea tu. Ukikwama, weka hapa majukumu yaliyomo kwenye tangazo na matukio mawili uliyoyaona kwa macho yako, bila jina lake wala la kituo, tuitengeneze hiyo aya.